Wifi Aliyenuna

Siku hizi Kesho ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na nyumba aliyohamia ina chumba maalumu cha kusomea. Hakipendi. Anachokikumbuka ni chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, rangi imebanduka, harufu ya uzi mpya wa sweta, na wifi yake amekaa pembeni amenuna. Akikikumbuka, moyo hulainika.

Jina la Kesho alipewa na watu wa nyumbani kwa ajili ya neno lake alipendalo. Kusoma? Kesho. Si kwamba alikuwa mvivu. Uvivu humwacha mtu astarehe, naye hakuwahi kustarehe. Alikuwa akifungua kitabu, anasoma mstari, mara yuko dirishani, mara anapanga vikombe, na mstari ni uleule. Mtihani wa mwisho wa uuguzi alikuwa ameshaufeli mara moja. Chuo kilimpa nafasi moja tu tena. Akifeli, basi, arudi kudeki wodi aliyoideki miaka sita.

Daktari wa kliniki alimpima akamwambia ana tatizo la umakini, la tangu utotoni. Mshauri wa chuo akampa mbinu: asome vipande vifupi, dakika ishirini kwa saa ya jikoni, kisha tano za kunyoosha miguu. Simu izimwe, ikae chumba kingine. Mezani kitabu kimoja tu. Wazo la pembeni likija, aliandike kwenye karatasi aendelee.

“Na utafute mtu wa kukaa naye,” mshauri akasema. “Si wa kukufundisha. Afanye kazi yake, wewe yako.”

Mumewe akajitolea, maskini. Alikaa na gazeti, akakohoa, akauliza, “Umefika wapi, mama?” Baadaye kidogo, “Hapo umeelewa?” Mtoto wa watu alikuwa anasaidia kama mtu anayesukuma gari lililotiwa breki. Siku ya tatu Kesho alimwomba akapumzike.

Kumwomba wifi, Kesho hakufikiria kabisa. Huyo dada wa mumewe, aliyerudi kwa kaka yake baada ya kuachika, alikuwa fundi wa kufuma masweta ya shule, na mdomo wake haukuwa na likizo. Lakini wiki hiyohiyo alimwachia Kesho masweta kwenye kamba, akamwomba ayaanue mawingu yakifunga. Kesho akasema ndiyo, akasahau. Mvua ikayanyeshea yote, rangi zikachujiana. Ugomvi wa wifi ulitikisa bati. Kesho akaomba radhi, wapi! Wifi akanuna, salamu ikakatika.

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na mwanga, kwa hiyo mchana wifi alifumia humo, mgongo kwa mgongo na Kesho, ambaye meza yake ilitazama ukuta. Saa ya jikoni ikahesabu. Sindano zikagongana taratibu. Kesho akasoma ukurasa, halafu wa pili. Kila alipotaka kuinuka alimsikia mwenzake bado yuko kazini, akaona haya, akakaa. “Gesi inaisha,” akaandika kwenye karatasi, akarudi kwenye mzunguko wa damu. Saa ilipolia, wifi naye aliweka sindano chini akajinyoosha, bila neno.

Ikawa hivyo kila alasiri. Mumewe akachoka na ukimya, akataka kuwakalisha wapatane.

“Ngoja mtihani upite,” Kesho akamnong'oneza.

“Unataka ugomvi uendelee?”

“Kidogo tu, mume wangu. Ukimpatanisha huyo, nimekwisha.”

Matokeo yalipotoka, Kesho alimfuata wifi chumbani na karatasi mkononi. Amefaulu. Akapiga magoti, akaomba radhi upya kwa masweta.

“Inuka huko,” wifi akasema. “Masweta niliyatia rangi nyeusi nikayauza wiki ileile. Hasira zenyewe ziliishia hapo.”

“Sasa mbona ulininunia muda wote huo?”

“Nilimsikia kaka akisema unahitaji mtu wa kukaa kimya. Na mimi najijua, wifi. Ningesema neno moja, ningelifuatisha na elfu. Nikaona bora ninune.”

Kesho akalia kwa sauti, akaona aibu jinsi alivyomdhania. Mwanamke yule, aliyependa maneno kuliko chai, alikuwa amejifunga mdomo miezi mitatu kwa ajili yake.

Wifi akamvuta akae. Akaanza: nani kaolewa, nani kaachwa, mwenye nyumba kasema nini, mwalimu gani hajalipia sweta. Jua likazama, yeye anaendelea. Akili ya Kesho ilitoroka mara kadhaa, na kila mara alimshika mkono akamwambia, “Wifi, hapo sijasikia. Rudia.”

Na wifi, kwa furaha kabisa, akarudia.