Mshahara wa Mama Pasi Uliokwenda Benki ya Zamani

Mnanisumbua. Mara ya tatu hii mnaniambia niandike habari za Mama Pasi, kana kwamba mimi sina jiko, sina magoti yanayouma. Mkono wangu na kalamu hawajawahi kuwa marafiki. Lakini nikikaa kimya atakuja mwingine aliyesikia nusu, aongeze chumvi, aseme yule mama alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na kiburi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Basi Mama Pasi alikuwa dobi wa hospitali, mwenzangu kazini. Miaka ishirini na mbili alisimama chumba cha nyuma, palipo na mvuke na mashine zinazonguruma, akinyoosha mashuka na makoti ya madaktari. Jina lake la nyumbani walilijua wachache. Kola aliyoinyoosha yeye ilisimama wima kama askari, na daktari aliyerudishiwa koti lililopigwa pasi na mwingine alijua kabla hajalivaa.

Mumewe alikuwa fundi seremala. Misumeno ya umeme ilimla masikio kidogo kidogo, mpaka ikafika siku ukimwambia nyumba inaungua anakujibu ndiyo, na mimi nimeshiba. Watu walicheka. Mama Pasi naye alicheka mbele za watu, lakini nyumbani hakucheka. Walikuwa wamezoea kusimuliana kila jioni, huyu habari za wodini, yule habari za karakana. Sasa alisema peke yake. Mume anatazama midomo, anatikisa kichwa, anakosea, anaona haya, anatoka nje kufagia ua ambao umeshafagiwa.

Ndipo akaja mtaalamu wa masikio pale hospitali, kwa wiki mbili tu. Akampima fundi, akasema kifaa kipo, kinavaliwa nyuma ya sikio, na atasikia. Mama Pasi akalipa nusu kutoka kwenye akiba ya kibubu. Nusu ya pili ilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana, maana mtaalamu anaondoka na vifaa vyake, na kurudi ni baada ya miezi minne. Mshahara unaingia Jumatano. Hapakuwa na shida hata ya kushika kichwa.

Shida aliipika mwenyewe, mwezi huohuo.

Benki yake ya zamani ilikuwa imefunga tawi la karibu, akawa anapanda mabasi mawili kwenda mjini. Halafu ikafunguliwa benki nyingine mkabala na geti la hospitali, milango ya vioo, viti vya kukalia. Mama Pasi akafungua akaunti huko siku moja tu, akapewa kadi mpya na barua yenye namba ya akaunti. Wakamwambia, "Mama, peleka barua hii kwa mwajiri wako, ujaze fomu ya kubadili akaunti ya mshahara."

Fomu akaichukua kwa karani wa mishahara. Kujaza alijazia palepale, maana jina lake na namba alijua kuandika. Lakini chini ya fomu palikuwa na mistari ya herufi ndogondogo, na Mama Pasi herufi ndogo zilimshinda. Mwenzake wa kazi, yule mshonaji wa mashuka yaliyochanika tuliyemwita Sindano, akamwambia, "Lete nikusomee huko chini, shoga."

"Nimeshasoma," akasema Mama Pasi.

"Imesema nini?"

"Imesema mambo ya ofisi."

Akaiweka fomu kwenye mfuko wa aproni. Ikakaa humo siku nne mpaka msimamizi wao aliporudi likizo akaitia sahihi, ikapelekwa ofisini tarehe ishirini. Na yeye moyoni alikuwa na hesabu ya dobi: kinachopokelewa asubuhi, jioni kimenyooshwa na kimekunjwa. Alidhani ofisi nayo ni hivyohivyo.

Akaenda mjini kuifunga akaunti ya zamani. Foleni ilikuwa imepinda mara mbili. Alisimama saa nzima, akafika dirishani, akaambiwa fomu ya kufunga iko dirisha lingine. Akasema, "Mimi si mpira wa kurushiana." Akatoka. Nyumbani akachukua mkasi wa jikoni akaikata kadi ya zamani vipande vinne, akavitupa jalalani, akajiona amemaliza kazi.

Jumatano ikafika. Wenzake simu zinalia ujumbe wa mshahara, Sindano anacheka na simu yake kama mtoto. Ya Mama Pasi kimya. Alhamisi asubuhi akaenda kwenye milango ya vioo, wakamwonyesha salio: ni kile kidogo alichofungulia akaunti. Uso wake hakuuacha ulegee. Akavuka barabara, akapanda ngazi mpaka kwa karani wa mishahara.

"Bwana mishahara, pesa yangu mmempa nani?"

Karani alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua jalada, akatafuta. "Tumekulipa jana, mama. Kwenye akaunti yako ya zamani."

"Nilileta fomu!"

"Ulileta tarehe ishirini. Orodha ya mishahara tunaifunga tarehe kumi na tano. Inayokuja baada ya hapo inaanza mwezi unaofuata. Imeandikwa chini ya fomu."

Mama Pasi akainama kuitazama ile mistari. Karani akamtazama, na nafikiri alielewa, maana aligeuza fomu, akaweka kidole chini ya mistari ile, akamsomea yote polepole, kama anayejisomea mwenyewe. Hakusema neno lingine juu ya hilo.

"Basi nilipe leo kwenye mpya, ile ya zamani mtairudisha wenyewe."

"Siwezi kulipa mara mbili, mama. Pesa ikishaingia kwenye akaunti yako ni yako, mimi siwezi kuivuta. Niambie kitu kimoja. Akaunti ya zamani umeifunga?"

"Kadi nimeikata."

"Kukata kadi si kufunga akaunti. Ulijaza fomu ya kufunga?"

"Nilikasirika nikaondoka."

Karani akacheka mpaka miwani ikashuka. "Mungu abariki hasira zako! Ungeifunga, pesa ingekataliwa huko, irudi kwenye akaunti ya hospitali, na kurudi huko ni siku kadhaa za kazi ndipo tukutumie upya. Sasa ipo, imekaa inakusubiri. Nenda na kitambulisho chako, uitoe dirishani. Kadi haihitajiki." Akamsomea namba ya akaunti mpya, tarakimu moja moja, Mama Pasi akifuata kwa kidole kwenye barua ya benki. Zote zikalingana. "Mwezi ujao inaingia huku. Ile ya zamani usiifunge mpaka uone kwa macho yako mshahara umeingia kwenye mpya. Na kama kuna kitu kinakatwa huko kila mwezi, kihamishe kwanza."

Mabasi mawili. Foleni ileile. Safari hii alisimama na hakusema neno.

Dirishani alikuwa binti mwenye sauti ya upole. Akachukua kitambulisho, akauliza namba ya akaunti, akauliza tarehe ya kuzaliwa. Akampa karatasi ya kutolea pesa. Mama Pasi akashika kalamu akaweka sahihi yake, polepole, na mkia wake mrefu mwishoni. Sahihi hiyo alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, akiwa na miaka arobaini na moja. Mumewe ndiye aliyemrandia ubao wa kuandikia.

Binti akatazama karatasi, akatazama kompyuta. "Mama, sahihi hailingani."

"Ni yangu. Umeniona nikiandika."

"Nimeona, mama yangu. Lakini hapa kwetu hukuweka sahihi. Akaunti ilipofunguliwa uliweka dole gumba."

Ni kweli. Miaka ishirini na mbili nyuma, aliletwa hapo na mhasibu pamoja na madobi wengine, wakachovya dole kwenye wino mmoja mmoja. Tangu hapo alitumia kadi, hakuna aliyemuuliza tena.

"Basi badilisha. Sasa najua kuandika."

"Tunaweza kubadilisha, ila unajaza fomu, unaleta picha, mpaka ithibitishwe ni siku tatu nne. Ukitaka leo," binti akashusha sauti, "ni dole."

Nyuma yake foleni ilikuwa imesimama. Mwanamume mmoja akasema, "Mama, weka dole tuondoke, kutojua kusoma si dhambi."

Mama Pasi akageuka. "Najua kusoma kuliko wewe unavyojua adabu!"

Watu wakacheka, na mwanamume akatazama viatu vyake. Lakini kicheko hakikumsaidia. Alisimama ameshika ile kalamu. Mimi namjua: mwanamke huyu angelala njaa wiki nzima kabla ya kurudi kwenye kile kidau cha wino. Angekuwa anachukua pesa ya unga, angeondoka. Angekuwa anachukua pesa ya kodi, angeondoka vilevile na kugombana na mwenye nyumba.

Lakini moyoni akamwona mumewe anafagia ua uliofagiwa.

Akaweka kalamu chini. Akanyoosha dole gumba, lile lililokomazwa na pasi, akalichovya. Mara ya kwanza alama haikutoka vizuri, mistari ilikuwa imelainishwa na joto la miaka. Binti akamshika mkono kwa mikono miwili, akalibiringisha dole taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akamwita mkubwa wake, wakalinganisha na ile ya zamani na picha ya kitambulisho. Ikakubali. Binti akauliza, "Nikuhamishie kwenye benki yako mpya? Itafika kesho, pengine mchana."

"Mchana nitakuwa nimechelewa. Nipe mkononi ninachohitaji kesho, kingine kihamishe."

Ndivyo ilivyofanywa. Na kabla hajaondoka akaomba ile fomu ya kubadili dole liwe sahihi, akakaa kwenye benchi, akamwita binti aliyekuwa anakwenda kula: "Mwanangu, nisomee hapa chini."

Ijumaa saa nne mtaalamu wa masikio alimvalisha fundi kile kifaa. Mama Pasi alisimama pembeni na dole lenye wino, maana wino ule hautoki kwa sabuni, hata ya dobi. Kwa miaka mitatu alikuwa akiongea na mumewe kwa kupiga kelele, na sasa hakujua aanzie wapi. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ya chumbani, "Unanisikia, baba watoto?"

Fundi akageuka polepole. Macho yakamjaa machozi.

"Sauti yako imezeeka," akasema.

"Na wewe je?"

"Nilikuwa bado naisikia ile ya zamani kichwani. Hii ni nzuri zaidi. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nieleze jana ulikuwa wapi siku nzima."

Wakakaa kwenye benchi la korido, manesi wanapita na vitoroli, naye akamweleza yote tangu fomu mpaka foleni, hata pale pa dole hakuruka. Fundi alikuwa anacheka mahali panapostahili. Nilipita na kapu langu la mashuka, nikawaacha.

Haya, nimeandika, mgongo umekatika. Sasa zamu yako, wewe uliyenisumbua kuliko wote. Usinikodolee macho. Keti leo, uniandikie kwa mkono wako mwenyewe ni lini mara ya mwisho ulimsimulia mtu wa nyumbani kwako siku yako nzima, na alisema nini. Niletee Jumapili. Ukija mikono mitupu sikufungulii mlango.