Aya Nne za Mwanzo

Jibu lilikuja kwa barua pepe Jumatatu asubuhi nikiwa kazini. Mimi ni mhazili wa shule ya sekondari hapa Mwanza, barua ndiyo ugali wangu, lakini ile niliifungua kabla hata sijaketi. Ilitoka kwa mama mmoja, afisa masoko wa kiwanda cha maji ya chupa, ambaye tulikuwa tumemwandikia wiki tatu kabla kuomba jezi za timu yetu ya wasichana. Ilikuwa na mistari miwili. "Poleni sana kwa kuondokewa na binti yenu. Mungu awatie nguvu katika kipindi hiki kigumu."

Jezi hazikutajwa kabisa. Yule mama alidhani tumemwandikia habari ya msiba.

Nilikasirika, kisha nikafungua barua yenyewe aliyoituma mume wangu, nikaisoma kwa jicho la mtu asiyetujua, na hasira ikanigeukia mwenyewe. Aliiandika mume wangu kwa sababu yeye ndiye kocha, nami nilikataa hata kuitazama kabla haijaenda. Kichwa chake kilikuwa "Yahusu timu yetu". Baada ya salamu zilikuja aya nne, zote za mtoto wetu. Neno "jezi" lilikuwa katika aya ya saba, na mwenye kusomea kwenye simu angelazimika kuvuta kwa kidole mara tano ndipo alifikie. Nani ana kidole cha hivyo siku ya Jumatatu?

Mtoto wetu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Hakuruhusiwa kukimbia, na alichukia kukaa kutazama wengine. Akiwa darasa la sita alichukua daftari la hesabu, akapita nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu Mabatini akiandika majina ya wasichana wanaotaka kucheza mpira, kisha akamletea baba yake akamwambia, "Timu hii hapa, baba. Imebaki kocha." Baba yake ni fundi wa mabomba. Alicheka siku nzima, kesho yake akanunua mpira. Tulimzika mtoto mwaka jana, akiwa kidato cha pili. Tangu hapo kuna siku mume wangu hali chakula mpaka jioni, lakini saa kumi ya mazoezi haijawahi kumpita.

Ndiyo maana zile jezi zilinikosesha usingizi. Kulikuwa na mashindano ya wasichana upande wa Sengerema, na waandaaji walishasema timu isiyo na jezi za rangi moja zenye namba haitaingia uwanjani. Wetu walikuwa wakicheza wamevaa fulana za harusi na za kampeni. Wawili walishaanza kufanya mazoezi na timu nyingine yenye vifaa. Wengine wakiwafuata timu imekwisha, na mume wangu atakuwa hana pa kwenda saa kumi.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimketisha mezani, nikamwonyesha lile jibu.

"Amesikitika na sisi," alisema.

"Amesikitika, akafunga. Hakujua tunataka nini."

"Si ameambiwa mwishoni?"

"Baba, mwishoni hakufika."

Alisema huwezi kumwingia mtu mzima kwa kuomba, ni lazima umweleze kwanza wewe ni nani na umetoka wapi. Hivyo ndivyo alivyolelewa kwao Magu, na kama unabisha hodi mlangoni kwa mtu, mume wangu yuko sahihi kabisa. Nikamwambia huyu hatujabisha kwake. Tumeingia katika simu yake katikati ya barua nyingine hamsini, na kabla hajauliza hali yetu anataka kujua mambo mawili: tunaomba nini, na kiwanda kitapata nini. Tukimjibu hayo, atatupa muda wa kumweleza mengine.

Nikaanza upya. Kichwa: "Ombi la jezi 18: nembo yenu kifuani mwa timu ya wasichana Mabatini". Mstari wa kwanza tukaomba jezi kumi na nane zenye namba, na siku tunayozihitaji, tukiacha wiki moja ya uchapaji. Mstari wa pili ukasema nembo ya maji yao itakaa mbele ya jezi msimu mzima, katika mechi za kila Jumamosi wanakokusanyika wazazi na wafanyabiashara wa mtaa, na kwamba siku ya mashindano wasichana watavuka na kivuko kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, wakiwa wamezivaa. Tukaahidi picha baada ya kila mechi, kwa kuwa wazazi walisharidhia kwa maandishi. Mume wangu alitaka tuongeze kwamba kiwanda kitajulikana kanda yote ya ziwa. Nikafuta. Tuahidi tunachoweza kutimiza. Mwisho tukaandika kwamba nitampigia Jumatano asubuhi.

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Ilienea yote katika simu bila kuvuta.

"Yeye yuko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimelitegemea swali hilo na bado lilinichoma. Nikasema nitaweka sentensi moja karibu na mwisho. Nikaandika: "Timu ilianzishwa na mwanafunzi wa mtaa huu." Akaisoma, akasema hapo anaonekana mtoto wa jirani. Nikaongeza kwamba alikuwa binti yetu, na kwamba ametutoka. Nikaisoma tena kwa jicho la yule mama na nikauona msiba umerudi pale pale, na jibu la pole likija nyuma yake. Nikalia. Sikuwa nimelia mbele yake tangu mazishi, nilikuwa najifanya mimi ndiye ukuta wa nyumba.

Aliivuta simu kutoka mkononi mwangu akaifuta ile sentensi mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, hakujua kwamba unaweza kufuta yote kwa mara moja. Sikumwambia. Alipomaliza akasema, "Tuma, mama." Nikatuma Jumatatu asubuhi, saa ambayo watu wa ofisi wanafungua barua zao.

Jumatano sikuwahi kupiga. Alinipigia yeye, saa tatu hivi, nikiwa nimefika nyumbani kuchukua funguo za ofisi nilizosahau. Mume wangu alikuwa uani anakaza koki. Yule mama alikuwa mchangamfu, mtu mwema kabisa, sina neno naye. Alisema ameshaongea na bosi wake na jezi zitatoka, nimtumie saizi za wasichana, nembo ataileta mchapaji wao. Alisema barua hii ya pili aliielewa akiwa kwenye lifti, hata hajafika mezani kwake.

Nikamshukuru. Akasema kwa sauti ya upole, "Tena nimefurahi, dada yangu. Ile ya kwanza ilinihuzunisha sana. Hii nimeisoma nikasema, afadhali, hawa wazazi wameshaanza kupoa."

Nilitaka kumwambia kwamba hatujapoa. Maneno yalinijaa kinywani, na jina la mwanangu likiwa mbele. Lakini jezi kumi na nane zilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo nikasema, "Ndiyo, dada. Tunamshukuru Mungu."

Mume wangu aliingia akifuta mikono kwenye suruali, akauliza amesemaje. Nikamwambia amekubali, anataka saizi.

"Hajamuulizia mtoto?"

"Hapana," nikasema. "Hajamuulizia."