Ekari Moja ya Leticia

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, 2022, maana 2021 marehemu Melkiadi alikuwa bado hai. Mjane wake, Kasilda, alinipa mimi, jirani yao na karani mstaafu wa mahakama, nakala ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo pale kwao Kakese.

"Mzee, waambie wanangu kwa kifupi. Mimi kwa hasira hizi herufi sizioni."

Nikawaambia. Krispini, mtoto wa kwanza wa kiume, kapata nyumba na ekari sita, kwa kuwa kimila yuko daraja la kwanza la warithi. Japhet, mdogo wake, ekari tatu, daraja la pili. Leticia ekari moja, maana binti ni daraja la tatu. Mjane hakupewa kitu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

"Ekari moja!" Leticia alifoka. "Baba kaugua miaka miwili, nani alimwogesha? Wewe ulikuwa Inyonga na mizinga yako ya nyuki!"

"Mila hiyo, dada. Kagombane nayo," Krispini akajibu.

"Matofali ya hiyo nyumba nilifyatua mimi!" Kasilda akasema.

Nikawaambia rufaa ni ndani ya siku thelathini, Mahakama ya Wilaya. Krispini alikuwa keshawasha pikipiki nilipomuuliza: huyu mama atatunzwa na mwenye ekari sita, au na mwenye moja?