Alama ya Kidole Kwenye Kichupa

Mama Vichupa, ndivyo wanavyomwita pale maabara, alikuwa hoi bin taabu asubuhi ile. Zamu ya usiku ilikuwa imekwisha, mwenzake hajatokea, na foleni ya wajawazito haina habari kwamba binadamu huchoka. Na nani aliyekuwa mbele kabisa? Wifi yake, mimba ya miezi minane, anataka majibu upesi arudi nyumbani kwa watoto.

Kazi yenyewe haina uchawi. Tone la damu linatiwa kwenye dawa, linageuka maji ya hudhurungi. Kichupa kinaingizwa kwenye kalorimita, mashine ya kupimia ukolevu wa rangi, mwanga wa kijani unakipita. Damu ikiwa nzito, rangi inakolea na kumeza mwanga mwingi, namba inapanda. Kwanza unaweka dawa tupu, mashine isome sifuri. Sampuli ya kulinganishia, yenye damu kumi na tano, ilisoma 0.40. Ya wifi ikasoma 0.28. Kumi na nusu hiyo. Akampa majibu, wifi akafurahi na kuanza kufunga kanga yake.

Mama Vichupa akachukua kile kichupa akimwage. Dirishani akaona upande wake wa wazi una ukungu: alama ya kidole, nene, ya mafuta aliyojipaka mikono iliyopasuka kwa sabuni. Lo! Kichupa kina pande mbili zilizokwaruzwa kwa ajili ya kushikia, na yeye, baada ya miaka yote hiyo, kakishika pale mwanga unapopita. Mafuta nayo yanazuia mwanga, na mashine haijui mafuta wala damu. Inahesabu tu kilichopungua.

Alijua akikimwaga hakuna wa kumuuliza. Miguu inauma, kitanda kinamwita. Akakifuta kwa kitambaa laini, akarudisha sifuri kwa dawa tupu, akasoma tena. 0.16. Akachanganya tone jingine kwenye kichupa kingine, labda Mungu atamhurumia. 0.16 ile ile. Damu sita. Kwa damu hiyo mtu haendi kuzaa bila kuongezwa. Akitokwa kidogo tu, amekwisha.

Alimkuta wifi getini, akamweleza yote, na kosa akalibeba mwenyewe. Wifi akakasirika, naye alikuwa na haki. Akasema anajisikia vizuri, kumi alishapewa, sasa ananyang'anywa kwa nini?

"Kumi ile ilikuwa ya mafuta yangu, wifi. Yako ni sita. Rudi ndani ulazwe."

Wifi akakaa kwenye ukingo wa ukuta, akaanza kulia pole pole. Hakuwa akililia damu.

"Nikilazwa, watoto nawaacha na nani?"

Mama Vichupa alitazama barabara ya kwenda kwake, kwenye kitanda chake. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo," alisema.