Kibodi Iliyokuwa Hai Mlangoni

Mie nilikuwa fundi wa taipureta. Nalisema mapema msije mkadhani najua kompyuta. Shule niliishia darasa la tatu, herufi nilizijua kwa kuzishika. Zile za chuma ndani ya taipureta zimegeuzwa, kama uso kwenye kioo, ndiyo maana hadi leo nasoma polepole.

Zamani nilikuwaga na ofisi nyingi za kuhudumia. Kulikuwa na moja kule Wazo, kwenye kiwanda cha saruji, ambako vumbi la saruji lilikuwa likiingia kwenye mashine, likichanganyika na mafuta linaganda, nakaa kutwa nalichokonoa kwa sindano ya magunia. Nilikohoa miaka. Lakini walikuwa watu wema wale, wakipika pilau wananiita. Siku moja karani wao akaniambia nisisumbuke kuja tena. Baadaye ikawa hivyo hivyo Msasani, na Temeke. Vitu vya nje vilikuwa vimeruhusiwa, kompyuta zikawa zinaingia mjini, na mie nikabaki na mteja mmoja.

Mteja mwenyewe alikuwa mama wa pale Manzese, mtu wa pwani, mzaliwa wa Dar, mwenye ulimi. Alikuwa na chumba kando ya Barabara ya Morogoro, anachapa barua za watu, maombi ya kazi, mitihani ya shule. Alikuwa na taipureta tatu, na kila Jumamosi nilikwenda kuzisafisha. Sasa niseme kweli: hazikuhitaji kusafishwa kila Jumamosi, na yeye alijua. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto hatukujaaliwa, na chumbani kwangu hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha. Pale kwa mama napewa chai, naulizwa jana nimekula nini, nikisema muhogo natukanwa kidogo. Siku sita nilikuwa naisubiri hiyo moja.

Basi kaka yake aliyeko Maskati akamtumia kompyuta. Ilifika ndani ya boksi, imezungushiwa madera na mataulo, na sidii ya kuingizia windows, maana ndani ilikuwa tupu. Mama akaiweka mezani, akanitazama.

"Fundi, hii ikikubali kufanya kazi, hivi vyuma vyako vitatu navipeleka kwa wa chuma chakavu," akasema anacheka. "Wewe sasa sijui nikuweke wapi."

Na mie nilicheka.

Fundi wa kompyuta akaitwa kutoka mjini, mtu mzima, shati kalichomekea. Nyuma ya mashine kulikuwa na tundu la duara, la kibodi za kawaida. Akachomeka kibodi yake, kimya. Akasema tundu hilo limekufa, labda boksi liliangushwa njiani. Akachomeka ile iliyotoka Maskati, yenye kichwa bapa, ya USB, kitu kigeni siku zile. Akatia sidii. Kikatokea kioo cha bluu kilichoandika kwamba ukitaka kuendelea bonyeza Enter. Akabonyeza. Akabonyeza tena, akabonyeza vyote. Wapi. Mausi nayo, yenye kichwa kama hicho hicho, ilikuwa imelala tu kama kipande cha sabuni.

Akamwambia mama kwamba bodi ya ndani ndiyo mbovu, airudishe ilikotoka. Mama alinyong'onyea, maana shule moja ilikuwa imeshamwambia mitihani ijayo wanaitaka ya kompyuta. Na mie, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikala nikashiba.

Jumamosi iliyofuata mama aliingia ndani kuswali adhuhuri, akaniacha nilinde ofisi. Kompyuta ilikuwa bado mezani, inangoja msafiri wa kuirudisha. Nikaona kibodi ina vumbi. Fundi wa taipureta hafuti kitufe bila kukibonyeza, ndivyo tulivyofundishwa: unafuta, unabonyeza, unasikiliza kama kinarudi. Nikaiwasha ile mashine kwa udadisi tu, ikaanza kuandika maandishi yake meupe, na mie nafuta, nabonyeza, kuanzia pembe ya kulia. Nilipopita kwenye Delete kioo kikabadilika. Ikatokea orodha ndefu ya maneno nisiyoyajua. Nikafuta kitufe chenye mshale, na mstari wa rangi ukashuka. Nikabonyeza wa juu, ukapanda.

Nikazima. Nikaketi kwanza.

Nikaiwasha tena, safari hii sikugusa kitu, nikaiacha ipite hadi kwenye kile kioo cha bluu cha sidii. Nikabonyeza. Imekufa. Nikarudia, na nikarudia. Kila mara ni vile vile: mlangoni kibodi hai, ikifika ndani maiti. Hata mtu wa darasa la tatu anaelewa kwamba kilichokufa hakifufuki kila asubuhi. Kibodi ilikuwa nzima, na tundu lake bapa zima.

Mama akarudi, akaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema joto.

Nilikaa nalo hilo neno siku tano. Sikumwambia mtu, na nilikuwa sina wa kumwambia, hilo ndilo lililoniumiza. Mtu pekee niliyetaka kumsimulia ajabu ile ni yule yule niliyekuwa namficha. Usiku najigeuza. Nikasema, basi unakaa pale kunywa chai ya mtu huku umemfungia riziki yake.

Alhamisi nikaenda.

"Leo si Jumamosi, fundi. Umefiwa?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Toka Jumamosi unajua?"

"Toka Jumamosi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akatoka kwenda kupiga simu dukani kwa jirani.

Fundi wa mjini alipofika alisikia habari yangu akatabasamu. "Mzee wangu, kompyuta si taipureta." Lakini akaiwasha, akabonyeza Delete, na tabasamu likapungua. Akapekua kurasa za ile orodha, kidole kwenye kioo, hadi kwenye mstari mmoja wa kibodi za USB. Pembeni yake paliandikwa kwamba umefungwa. Akaufungua, akahifadhi, mashine ikajiwasha upya.

Akatueleza, na alikuwa muungwana, alinieleza mie zaidi. Mashine yenyewe inaijua kibodi ile, ndiyo maana kwenye orodha yake inasikia. Lakini ile programu ya kuingiza windows inajua kibodi za zamani tu. Huo mstari ukifunguliwa, mashine inakuwa mkalimani: inaipokea ya USB na kuipeleka ndani kama vile ni ya tundu la duara. Ukifungwa, hakuna mkalimani, na hao wawili, kibodi na programu, wanatazamana kama mabubu.

Kioo cha bluu kikaja. Akamwachia mama abonyeze mwenyewe. Mama akabonyeza Enter kwa kidole kimoja, na ukurasa ukageuka.

Alipiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo. Kisha akanitazama.

Jumamosi nilikwenda kama kawaida, na mkoba wangu wa vifaa. Taipureta zilikuwa zimefunikwa kanga, zimebebanishwa pembeni, na kwenye kiti nilichokuwa nakalia pamewekwa printa. Mama alikuwa amenipa mgongo, anachapa mitihani, kibodi ile haina hata kelele. Akasema karibu fundi, chai ipo kwenye chupa, jisevie. Nikanywa nimesimama. Hakuniuliza jana nimekula nini. Alikuwa anahesabu maswali. Nikaosha kikombe, nikaaga, akaitikia bila kugeuka, si kwa ubaya.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Siku ilikuwa bado ndefu.