Lumbesa Haina Kizungu Chake

Mwaka wa 1953 nilikuwa na miaka tisa. Babangu alifukuzwa kwa shamba la mzungu na shida zangu zikaanza hapo. Shule niliona madarasa mawili tu, kisha nikaenda kuchunga ndama za mzungu mwingine. Huyo Kiswahili chake kilikuwa kibovu cha kuumiza masikio, lakini debe aliliita debe. Alijua akilibadilisha jina hatapata maziwa yake.

Nayasema haya kwa sababu ya msichana wangu. Nilimsomesha kwa viazi, akarudi na digrii, nikampa ofisi ya kampuni yangu ya viazi hapa Eldoret. Kitu cha kwanza akasema email za kampuni zinatuaibisha. Tulikuwa tunaandika hivi: "Hi, lori imetoka stoo na gunia za viazi, kindly confirm ikifika."

"Baba, hii ni lugha gani? Nusu ugali, nusu mkate."

"Ni lugha ya watu wanaolipwa," nikamwambia.

Hakusikia. Kila neno la Kiswahili likafutwa, Kizungu kikawekwa mahali pake.

Wakati huo mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda kimoja cha krisps za viazi Nairobi. Tulikuwa tumewachelewesha mara moja, na walituambia wazi: mkirudia, tunatafuta wengine. Bila wao ningeuza lori.

Siku ya kupakia nikamwambia msichana, "Andikia stokipa asipakie lumbesa hata moja." Lumbesa ni gunia la kawaida la viazi lililojazwa likapita mdomo, kisha likashonewa nundu ya neti juu. Madalali wanaipenda kwa sababu inamwibia mkulima. Sheria imeikataa, na lori likipatikana nayo linazuiwa.

Yeye akaandika: "Kindly do not load oversized bags."

Stokipa wetu kule Burnt Forest ni mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, makini sana. Akasoma, akazunguka stoo, akapakia. Lori likashikwa kabla ya kufika Nairobi, viazi vikakaa juani mpaka vikaanza kuwa kijani. Nikampigia simu nikiwa moto.

"Nilisema hakuna lumbesa!"

"Mzee, mimi niliandikiwa oversized. Nikatafuta gunia kubwa kubwa, sikuona. Hizi ni gunia za kawaida."

"Na nundu je?"

"Nundu ndiyo lumbesa, Mzee. Na hakuna mtu alisema lumbesa."

Kiwanda kikatupa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa.

Nikaamuru basi: kuanzia leo Kiswahili kitupu, cha vitabu. Msichana, kwa kunikomoa, akatafuta kamusi. Akamwandikia stokipa: "Tafadhali pakua kiambatisho na uidhinishe ankara." Simu ikalia hapo hapo.

"Mzee, hicho kiambatisho kinapakuliwa kutoka lori gani?"

"Ni attachment!" msichana akapiga kelele kutoka mezani kwake. "Na ankara ni invoice!"

"Sasa si mngesema invoice, madam? Invoice ninaijua."

Nilichoka. Nikavuta kiti, nikamwambia tuandike email za Ijumaa pamoja, ya stokipa na ya kiwanda, neno kwa neno. Tulizozana mpaka chai ikapoa. Kwa stokipa, lumbesa ibaki. Ndilo jina la kitu anachokishika. Invoice pia ibaki, hakuna mtu kwetu anaiita kitu kingine. Nilipofika kwa gunia, nikasema nalo libaki.

"Baba, gunia la kilo ngapi?"

"Si gunia tu!"

"Kwako ni la viazi, kilo hamsini. Mtu wa Nairobi akifikiria gunia la mahindi, hiyo ni kilo tisini. Atangoja mzigo ambao hatukutuma."

Gunia likatoka, tukaweka "50 kg bags". Na kwa kiwanda hatukutupa lumbesa, tuliiongezea maneno, kwa sababu hatukujua kama wanaijua: "No lumbesa, that is, no bag filled past its mouth." Stokipa akapata yake: "Usipakie lumbesa. Kata nundu zote, repack kwa 50 kg bags, then send invoice."

Alikata zote. Ijumaa lori likafika, na mama wa manunuzi kule kiwandani akajibu: "Received in good order, hakuna lumbesa. Next week mlete kama hizi. Asante."

Msichana akaisoma mara mbili. "Ona, Baba, hata wao wanachanganya."

"Wao wanataka viazi," nikasema. "Jibu haraka."

Leo niko na lori mbili, stoo ya mabati Burnt Forest, nyumba ya mawe mtaa wa Pioneer, ekari nne, ng'ombe sita wa maziwa, kompyuta moja ambayo siigusi, na mteja wa krisps.