Maji Yaliyozidi Maabarani

Shangazi yangu ni mkuu wa maabara. Mimi napokea sampuli mlangoni, maana diploma yangu iliishia njiani. Wenzake wanamwita Mama Tone, kwa kuwa hata maziwa ya chai huyapima.

Wasimamizi wa ubora hututumia damu ya unga. Tunaiyeyusha kwa mililita tano za maji, tunaipima, wanatulinganisha na maabara nyingine. Safari hii tulifeli vibaya, na daktari mkuu akaja juu.

"Mama, funga mashine. Wagonjwa watapewa majibu ya uongo."

"Nipe mpaka mchana, Daktari."

Sukari ilikuwa chini, chumvi chini, vipimo vya figo chini, vyote kwa karibu sehemu moja ya kumi.

"Mashine imechoka, Shangazi," nikasema.

"Ichoke sawasawa kila kipimo? Wewe ndiye uliyechoka. Na sampuli ya kujaribia mashine kila asubuhi, inayokuja ikiwa tayari kimiminika, inapita vizuri. Unga ndio ulizidishiwa maji."

Akavuta mililita tano za maji kwa pipeti, mrija wa kupimia tunaoyeyushia unga, akaziweka kwenye mizani. Gramu tano na nusu, badala ya tano. Akarudia, ikawa vilevile.

"Nani aliyeyusha?" Daktari akauliza.

"Mimi," Shangazi akajibu. "Ila damu ya wagonjwa haipitii pipeti hii, inaingia mashineni moja kwa moja."

Akayeyusha chupa ya akiba kwa pipeti nyingine. Majibu yakakubaliana na ya wasimamizi, na mashine haikufungwa. Kwenye ripoti, penye aliyekosea, aliandika jina lake bila kusita.

Siku hizi anapima hata kijiko cha kupimia.